Vali Hula Kilowati Ngapi? Kanuni za Kasi ya Pampu na Feni, na Pale Zinapokoma

Ndugu mafundi, wahandisi, wasimamizi wa mitambo, na wageni wote mliokaa nasi asubuhi hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Karibu kila anayeuza kidhibiti mwendo cha mota, kile ambacho wengi wetu tunakiita draivu au inverta, anakuja na sentensi moja: punguza kasi kwa asilimia 20, umeme unapungua karibu nusu. Hesabu yake ni sahihi, kwa sababu 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512. Lakini kuna mitambo ambayo sentensi hiyo inatimia kama ilivyoandikwa, mingine inatimia nusu, na mingine haitimii kabisa. Ninachotaka tuondoke nacho leo ni namna ya kujua mtambo wako uko kundi gani kabla hujatia saini ya kununua chochote. Kwa hiyo nitachukua pampu moja tu, niiweke kwenye mifumo miwili tofauti, tupige hesabu pamoja hadi mwisho.

Pampu yetu ni ya kawaida, ya impela moja inayozunguka ndani ya nyumba yake, mizunguko 2900 kwa dakika. Ukifunga kabisa vali ya kutokea, inasukuma maji hadi kimo cha mita 50 na hapo inagota. Ukiiachia itoe mita za ujazo 100 kwa saa, kimo kinashuka hadi mita 40. Katikati ya hapo, mstari wake unaweza kuandikwa hivi:

H = 50 − 0.001 × Q²

H ni kimo kwa mita, Q ni mita za ujazo kwa saa. Nguvu inayoingia kwenye shafti tunaipata kwa kanuni mnayoijua, kilowati zikiwa P na ufanisi wa pampu ukiwa η:

P = Q × H / (367 × η)

Kwa mita za ujazo 100, kimo mita 40 na ufanisi wa asilimia 78, shafti inataka kilowati 14. Hiyo ndiyo hali yetu ya kuanzia. Sasa kazi imebadilika, tunahitaji mita za ujazo 70 tu kwa saa. Tufanye nini?

Tuanze na vali, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Fundi anaizungusha hadi mita ya mtiririko isome 70. Kitu gani kimetokea ndani ya pampu? Impela haijui kwamba vali imefungwa. Inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile, na kwa kuwa maji yanayopita yamepungua, kimo chake kimepanda. Weka 70 kwenye ule mstari wa kwanza utapata mita 45.1. Pampu imetoka mita 40 ikaenda 45, wakati mabomba yenyewe, yakipitisha maji machache, yanataka kimo kidogo zaidi kuliko mwanzo. Ile tofauti yote inafia kwenye vali. Inageuka kuwa joto, mtetemo, na ule mlio wa kukwaruza unaousikia ukisogeza sikio karibu na vali iliyobanwa sana.

Tufanye mfumo wa kwanza uwe mzunguko uliofungwa, maji yanatoka kwenye pampu, yanapita kwenye vipoza joto, yanarudi palepale yalipoanzia. Hapa hakuna kupanda kunakobaki, maana kila mita maji yanayopanda upande mmoja yanaishuka upande wa pili. Kazi yote ya pampu ni kushinda msuguano, na msuguano unakua kwa mraba wa mtiririko. Kwa mita za ujazo 100 ulikuwa mita 40, basi kwa 70 ni 40 × 0.7 × 0.7, yaani mita 19.6. Pampu inatoa 45.1, mabomba yanahitaji 19.6. Vali imemeza mita 25.5, zaidi ya nusu ya kazi yote ya pampu.

Hilo huhitaji kompyuta kuliona. Funga geji moja ya presha kabla ya vali na nyingine baada yake. Mita 25.5 za maji ni kama baa 2.5. Ukiziona sindano mbili zimeachana kwa baa 2.5 juu ya vali ambayo kazi yake pekee ni kupunguza maji, umeshauona umeme wako unakopotelea. Ni kilowati 4.9 za maji tupu, kabla hata hatujaongeza hasara za pampu na mota.

Na shafti inatumia ngapi sasa? Kwa mita za ujazo 70 ufanisi wa pampu umeshuka hadi asilimia 70 hivi, kwa sababu maji yanaingia kwenye mabapa ya impela kwa pembe ambayo hayakuchongewa. Kilowati 12.3. Tumepunguza maji kwa asilimia 30, nguvu imepungua kwa asilimia 12 tu.

Sasa tuifungue vali yote, tupunguze kasi. Hapa ndipo kanuni zinapoingia, na naomba nizieleze kwa sababu zake, maana ukizikariri bila sababu zitakudanganya huko mbele.

Impela inafagia maji. Ikizunguka kwa nusu ya kasi yake, inafagia nusu. Kwa hiyo mtiririko unafuata kasi moja kwa moja. Kimo hakifuati hivyo. Kimo kinatokana na mwendo ambao maji yanapewa yanapoiacha ncha ya impela. Kwa impela yenye upana wa milimita 200 hivi kwenye mizunguko 2900, ncha inakimbia kama mita 30 kwa sekunde. Mwendo huo ndio nyumba ya pampu inaugeuza kuwa presha, na nishati ya kitu kinachokwenda inakua kwa mraba wa mwendo wake. Basi kimo kinafuata mraba wa kasi. Na nguvu ni mtiririko mara kimo, kwa hiyo inachukua kasi moja kutoka kwenye mtiririko na kasi mbili kutoka kwenye kimo. Jumla tatu, N ikiwa kasi:

Q ∝ N, H ∝ N², P ∝ N³

Angalieni kitu kimoja ambacho watu hukipita haraka. Kanuni hizi tatu zinakwenda kwa pamoja. Zinasema kwamba nukta moja kwenye mstari wa pampu, kasi ikibadilika, inahamia kwenye nukta nyingine maalumu ambako mtiririko umepungua kwa N na kimo kimepungua kwa N². Ufanisi wa pampu kwenye nukta hizo mbili unakuwa karibu uleule, kwa kuwa maji bado yanaingia kwenye mabapa kwa pembe ileile. Lakini kanuni zinazungumzia pampu peke yake. Hazijui lolote kuhusu bomba lako.

Katika mzunguko uliofungwa tuna bahati. Bomba nalo linapunguza kimo kwa mraba. Pampu na bomba vinashuka njia moja, kwa hiyo kasi ya asilimia 70, mizunguko 2030 kwa dakika, inatoa mita za ujazo 70 kwa kimo cha mita 19.6 barabara. Ufanisi unabaki asilimia 78. Shafti inataka kilowati 4.8. Kumbukeni vali ilikuwa 12.3.

Tuwe waaminifu na umeme wenyewe. Mota yenye ufanisi wa asilimia 90 kwenye vali inavuta kilowati 13.7 kutoka kwenye waya. Kwa draivu, mota iliyopunguziwa mzigo inafanya kazi kwa asilimia 88 hivi, draivu yenyewe inapoteza asilimia 4, tunapata kilowati 5.7. Tofauti ni kilowati 8. Mtambo ukikaa katika hali hiyo saa 4000 kwa mwaka, ni uniti 32,000 za umeme. Huu ndio mfumo ambao sentensi ya muuzaji inatimia.

Kabla sijauacha, neno kwa wanaopima. Wengi wetu tukitaka kujua mota inatumia kiasi gani tunabana waya kwa ampmita. Kwa mota inayoendeshwa moja kwa moja, sehemu ya ampea ni ya kutengeneza sumaku tu, haifanyi kazi na haipungui mzigo ukipungua. Kwa mota yenye draivu, ampea zinazoingia kwenye draivu na zinazotoka kwenda kwenye mota hazilingani kabisa, na zinazotoka zinaonekana kubwa kuliko nguvu iliyopo. Ukilinganisha ampea za kabla na za baada utapata jibu ambalo si kweli, mara ukifurahi bure, mara ukikata tamaa bure. Pima kilowati, upande wa kuingia kwenye draivu, hali zote mbili, kwa mtiririko uleule.

Haya, tuhamishe pampu hiyohiyo kwenye mfumo wa pili. Sasa inatoa maji kwenye kisima cha chini na kuyapandisha hadi tangi lililo mita 25 juu. Bomba ni pana zaidi, msuguano wake kwa mita za ujazo 100 ni mita 15. Jumla 40, sawasawa na mwanzo. Ukisimama mbele ya pampu hii mizigo ikiwa kamili, geji, ampea, kilowati, kila kitu kinafanana na mfumo wa kwanza. Kilowati 14 zilezile. Ndiyo maana ni rahisi mtu kupiga hesabu moja kwa mifumo miwili ambayo haifanani.

Tunataka mita za ujazo 70. Mtu aliyezikariri kanuni atasema asilimia 70 ya maji ni asilimia 70 ya kasi, na ataiweka draivu kwenye hezi 35. Hebu tuone kinachotokea. Kwa kasi hiyo, kimo kikubwa kabisa pampu inachoweza kufika ni 50 × 0.49, yaani mita 24.5. Tangi liko mita 25.

Halitoki hata tone. Vali ya kuzuia maji yasirudi imekaa imefunga, impela inakoroga maji yaleyale ndani ya nyumba yake, na maji hayo yanapata joto. Mota inanguruma vizuri, skrini ya draivu inaonyesha namba ndogo za kupendeza, mtu anaweza hata kuandika kwenye daftari kwamba matumizi yamepungua. Ukishika nyumba ya pampu kwa kiganja baada ya muda utaikuta ya moto kuliko bomba la kunyonyea. Hiyo ndiyo dalili. Ikiachwa, sili ya shafti itakuwa ya kwanza kuharibika.

Zile mita 25 ni kama kiingilio mlangoni: hakipungui kwa kuwa umekuja na watu wachache, na usipokilipa chote huingii. Kiingilio hakifuati mraba wa kasi. Kinachofuata mraba ni zile mita 15 za msuguano peke yake.

Hesabu sahihi basi inakwenda hivi. Kwa mita za ujazo 70 msuguano ni 15 × 0.49, mita 7.35. Ongeza 25, pampu inatakiwa itoe mita 32.35. Mstari wa pampu kwa kasi yoyote, tukiita n uwiano wa kasi mpya kwa ile kamili, ni:

H = 50 × n² − 0.001 × Q²

Tukiweka 32.35 na 70 tunapata n² ya 0.745, na n ya 0.863. Ni mizunguko 2500 hivi kwa dakika, hezi 43. Pampu haikushuka hadi asilimia 70, imeshuka hadi 86. Nukta yake pia imesogea kidogo kutoka mahali pa ufanisi bora, tuseme asilimia 74. Shafti inataka kilowati 8.3.

Bado ni chini sana ya 12.3 za vali. Kwa hiyo hata hapa draivu inaishinda vali, na sitaki mtu atoke akisema nilipinga. Lakini aliyepiga hesabu kwa mchemraba alitegemea 4.8. Ameahidi akiba ya kilowati 7.5 kwenye shafti, amepata 4. Mradi uliotarajiwa kujilipa kwa miaka miwili utachukua karibu minne, na lawama itaangukia draivu ambayo haina kosa.

Na kuna swali jingine hapa, ambalo naliona muhimu kuliko yote na haliulizwi vya kutosha. Kama kuna tangi, kwa nini uwe na vali au draivu? Iache pampu ikimbie kasi kamili, ijaze tangi, izime. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kasi kamili kunagharimu 14 gawanya kwa 100, kilowati-saa 0.14 kwenye shafti. Kwa draivu kwenye mita za ujazo 70 ni 0.119. Akiba ipo, lakini ukitoa hasara za draivu na za mota iliyopunguziwa mzigo, inabaki kama kilowati 1 ya wastani. Ushindani wa kweli kwenye mfumo wenye tangi ni kati ya draivu na swichi ya kuelea, vali haimo.

Shusha zaidi uone. Kwa mita za ujazo 20 kwa saa, pampu inahitaji kimo cha mita 25.6, kasi asilimia 72. Ufanisi wake huko umeanguka, labda asilimia 38, kwa sababu impela kubwa inashughulika na maji machache. Kila mita ya ujazo sasa inagharimu kilowati-saa 0.18. Draivu, kwa kasi ndogo, inatumia umeme mwingi kwa kila mita ya ujazo kuliko pampu kukimbia kasi kamili na kuzimwa. Tena uendeshaji wenyewe unakuwa mgumu, maana kutoka hakuna maji kabisa hadi mita za ujazo 20 ni tofauti ya mizunguko 40 tu kwa dakika. Kisima kikishuka mita moja, maji yanaweza kukatika bila mtu kugusa kitu. Ndiyo sababu kwenye mfumo wenye kupanda kwingi lazima uweke kasi ya chini kabisa kwenye draivu, na uiweke juu ya ile ambayo maji yanaanza kutoka. Kwa pampu yetu maji yanaanza kwenye mizunguko 2050, hezi 35.4. Mimi ningeiwekea mpaka wa hezi 39 au 40, na chini ya hapo pampu isimame.

Sasa utajuaje mfumo wako una kiingilio kiasi gani? Michoro mara nyingi imepotea au haifanani na kilichojengwa. Njia nyepesi ni kusimamisha pampu bomba likiwa limejaa, na kusoma geji upande wa mbele wa vali ya kuzuia maji yasirudi. Presha inayobaki pale, maji yakiwa yametulia, ni kimo cha kupanda pamoja na presha yoyote iliyopo mwisho wa safari. Toa kimo cha maji upande wa kunyonyea. Kilichobaki kigawe kwa kimo cha pampu ikiwa na mzigo kamili. Kwenye mfumo wetu wa pili ni 25 kwa 40, zaidi ya asilimia 60. Ukiona namba kubwa hivyo, weka kando jedwali la michemraba na upige hesabu ya nukta kwa nukta kama tulivyofanya. Ikiwa chini ya asilimia 10, mchemraba utakufikisha karibu.

Nigeukie feni kidogo, kwa sababu kanuni ni zilezile na hewa haina ngazi ya kupanda. Mfereji wa hewa ni msuguano karibu mtupu, kwa hiyo feni nyingi ziko kwenye kundi la kwanza, lile zuri. Dampa ya upande wa kutokea inafanya kama vali yetu. Mabapa ya kuongoza hewa yaliyofungwa upande wa kuingilia yana nafuu, kwa sababu yanaizungusha hewa kabla haijafika kwenye impela, nayo impela inapunguziwa kazi, lakini hayaifikii kasi iliyopunguzwa. Feni ya kusukuma hewa moja kwa moja mbele, ile yenye umbo la rafadha, usiibane kwa dampa kabisa. Ukiibana, nguvu yake inaweza kupanda badala ya kushuka, na hewa inaanza kuachana na mabapa, unasikia mngurumo unaokuja na kuondoka.

Kwa feni mchemraba una makali upande wa pili pia. Wengi wanaongeza hewa kwa kubadilisha puli, mkanda ukazungusha feni haraka kidogo. Asilimia 10 ya kasi ni asilimia 33 ya nguvu. Mota iliyokuwa imebakiwa na nafasi ya asilimia 15 inaungua, na fundi anashangaa kwa kuwa puli ilibadilika kidogo tu.

Lakini feni, na pampu za mzunguko uliofungwa vilevile, zina mtego mmoja unaozihamisha kutoka kundi zuri kwenda kundi baya, na mtego huo tunauweka wenyewe kwa mikono yetu. Ni kihisi cha presha.

Turudi kwenye mfumo wa kwanza, ule wa vipoza joto. Mara nyingi kasi haiamriwi na mtu, inaamriwa na kihisi kilichofungwa palepale pampu inapotokea, kikiwa kimeambiwa: shikilia mita 40 siku zote. Maji yanapohitajika kidogo, vali ndogo za kwenye vipoza zinajifunga, presha inataka kupanda, draivu inashusha kasi. Inaonekana sawa. Lakini kwa mita za ujazo 70 pampu imelazimishwa kutoa mita 40 ambazo mabomba hayazihitaji. Kasi inashuka hadi asilimia 95 tu, shafti inatumia kilowati 10.7. Tungeweza kuwa kwenye 4.8. Zile mita 20.4 za ziada zinafia kwenye vali ndogo za vipoza. Tumeiondoa vali moja kubwa mlangoni tukaigawanya kuwa ndogo ndogo huko mwisho, na tumejitengenezea kiingilio ambacho hakikuwepo.

Dawa yake si ghali. Kihamishe kihisi hadi kwenye kipoza cha mwisho kabisa, na ukiambie kishikilie presha ile tu inayohitajiwa na kipoza hicho na vali yake. Tuseme ni mita 12. Msuguano wa njia nzima, mita 28 kwa mzigo kamili, sasa unaruhusiwa kupungua kwa mraba. Kwa mita za ujazo 70 pampu inatoa mita 25.7, shafti inatumia kilowati 6.4. Kutoka 10.7 hadi 6.4, kwa draivu ileile na pampu ileile, kwa kuhamisha kihisi na kubadilisha namba moja. Penye mtambo wa kisasa unaosoma vali zote zimefunguka kiasi gani, unaweza kwenda mbele zaidi, ukaishusha ile namba yenyewe hadi vali inayohitaji maji kuliko zote iwe imefunguka karibu yote.

Nikiingia kwenye chumba cha pampu, huwa naangalia kwanza mahali kihisi kilipo, kisha naangalia vali ya kutokea. Mara nyingi sana nakuta draivu mpya inawaka taa, na vali imebanwa nusu vilevile kama ilivyokuwa miaka yote. Hakuna aliyeambiwa aifungue. Draivu imeongeza kasi kufidia vali, mtiririko uko sawa, kila mtu ameridhika, na akiba haionekani kwenye bili. Pampu ikishapata draivu, vali ya kupunguza maji ifunguliwe mpaka mwisho, mshikio ufungwe kwa mnyororo au uwekwe kibao, na mita ya kilowati isomwe kabla na baada.

Liko pia kundi ambalo draivu si jibu. Pampu ilinunuliwa kubwa mno, mahitaji hayabadiliki mwaka mzima, na vali imebanwa mahali pamoja siku zote. Hapo unachohitaji ni pampu ndogo zaidi, na karakana inaweza kukutengenezea kwa kuchonga kipenyo cha impela. Kuchonga kunafuata kanuni zinazofanana na za kasi, ila si kwa usahihi ule, kwa sababu mabapa yanafupika na nafasi kati ya impela na nyumba yake inaongezeka. Chonga kwa hatua, kidogo kuliko hesabu inavyosema, rudisha, pima, kisha amua kama unaendelea. Ukichonga kupita kiasi huwezi kurudisha chuma. Lakini ukipata, hakuna draivu ya kupoteza asilimia 4, hakuna kifaa cha umeme cha kuharibika kwa joto na vumbi, na akiba inaanza siku hiyohiyo.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaingia ukumbini kama kushusha kasi kutaichoma mota, kwa kuwa feni yake ya kujipoza iko kwenye shafti ileile. Kwa mashine inayobeba mzigo uleule kwa kasi zote, hofu hiyo ni ya haki. Kwa pampu na feni, mzigo wa kusokota shafti unashuka kwa mraba wa kasi, na joto la mota linashuka nao, kwa hiyo kati ya hezi 25 na 50 sina wasiwasi. Ninachokiogopa zaidi ni mtetemo. Pampu iliyozaliwa izunguke kasi moja sasa itapita kwenye kasi nyingi, na mojawapo inaweza kugongana na mtetemo wa asili wa msingi au wa bomba. Siku ya kuiwasha, ipandishe polepole, hezi moja moja, mkono ukiwa juu ya beringi. Ukikuta mahali inapotetemeka, andika namba hiyo, uingize kwenye draivu kama kasi ya kurukwa. Draivu karibu zote zina nafasi hiyo kwenye mipangilio yake.

Mwenye geji mbili na mita ya kilowati anaweza kuanza na pampu yake kesho asubuhi. Sasa niko tayari kwa maswali.